Ng'ombe na kikombe: karatasi ya vina kwa mtoto wa miaka sita

Kuna karatasi za mazoezi zinazouzwa barabarani na kusambazwa kwenye simu za wazazi ambazo ukizitazama vizuri utagundua zilizaliwa kwa Kiingereza. Upande wa kushoto kuna paka, upande wa kulia kuna kofia, na mtoto anaambiwa aunganishe picha zenye majina yanayoimbana. Kwa Kiingereza paka na kofia yana mwisho mmoja. Kwa Kiswahili hayana hata herufi mbili za mwisho zinazolingana, isipokuwa irabu a, ambayo ipo mwishoni mwa maneno yetu mengi mno. Mtoto wa darasa la kwanza anakaa na penseli mkononi, anatazama paka, anatazama kofia, kisha anamvalisha paka kofia. Hajakosea. Amefanya jambo la maana kuliko karatasi yenyewe.

Karatasi ya aina hii haitafsiriki. Inabidi itungwe upya, na kazi kubwa ya kuitunga ni kuchagua maneno. Uchoraji, rangi na mapambo vinakuja baadaye sana. Ningependa tuitunge moja hapa, ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida, wenye sehemu mbili: juu mtoto anaunganisha picha kwa mistari, chini anatafuta picha moja ambayo jina lake halilingani na mengine. Tukiwa tunaitunga tutaona kwa nini maneno yanayoonekana mazuri yanatupwa nje moja baada ya jingine.

Tuanze na swali ambalo mwalimu wa fasihi atalijibu haraka: maneno mawili yana kina kimoja lini? Katika ushairi wetu wa jadi, inatosha silabi ya mwisho ilingane. Mshairi anaweza kufunga mshororo mmoja kwa nyoka na mwingine kwa paka, na hakuna atakayemlaumu, maana vyote vinaishia kwa ka. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa mshairi kwa sababu ana beti nyingi zinazorudia sauti ileile mpaka sikio linaizoea. Mtoto hana beti. Ana maneno mawili tu, na mwisho wa silabi moja ni ushahidi mdogo mno kwake. Karibu maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu, kwa hiyo mwisho unaofanana kidogo unapatikana kila mahali na hausemi kitu.

Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo ndipo sauti inapopanda, na hapo ndipo sikio la mtoto linaposhika. Kwa hiyo kanuni nzuri ya karatasi ya watoto ni hii: maneno mawili yalingane kuanzia irabu ya silabi yenye mkazo hadi mwisho. Nyoka na shoka yanapita, kwa sababu yote mawili yana oka. Nyoka na paka yanakataliwa, ingawa mshairi angeyapokea. Sema mwenyewe kwa sauti, nyoka, shoka, kisha nyoka, paka, utasikia tofauti bila kuhitaji maelezo yangu.

Kanuni hiyo ikishakubaliwa, Kiswahili kinakuwa tajiri ghafla. Embe, jembe, pembe na wembe ni familia moja. Kamba, mamba, pamba na shamba ni nyingine. Kuna sungura na chura, kiota na nyota, meli na baiskeli, sabuni na kuni, kopo na popo, nazi na ngazi, mlango na tango. Mtu anaweza kukaa kibarazani jioni moja akajaza daftari. Shida inaanza pale anapotaka kuyachora.

Chukua punda na tunda. Kwa sikio ni jozi safi kabisa. Lakini tunda linachorwaje? Ukichora embe, mtoto atasema embe. Ukichora chungwa, atasema chungwa. Ukichora kikapu chenye matunda mchanganyiko, atasema matunda kama una bahati, au kikapu kama huna. Majina ya jumla hayachoreki: tunda, mnyama, chakula, chombo. Mtoto wa miaka sita husema anachokiona, na anachokiona daima ni kitu fulani chenye jina lake. Punda anabaki bila mwenzake.

Halafu kuna picha zenye majina mawili. Ukichora kanga, mmoja atasema kanga na mwingine leso. Kopo la Dar es Salaam ni mkebe Nairobi. Nyani anaitwa tumbili na nusu ya darasa, na hata watu wazima wengi hawatofautishi. Chatu ataitwa nyoka, na hakuna mchoraji atakayemfanya mtoto aliyezaliwa mjini aseme chatu. Mtoto aliyesema mkebe hawezi kumwona popo kuwa mwenzake, na mwalimu akisahihisha bila kumuuliza atamwekea alama ya kosa la sikio, wakati kosa ni la karatasi. Kinyume chake pia kipo, jina moja lenye picha mbili, kama ndege wa mtini na ndege ya abiria, lakini hilo halidhuru sana maana sauti ni ileile.

Kwa sehemu ya juu ya karatasi yetu nimebakiza jozi nne: ng'ombe na kikombe, shati na chapati, nyoka na shoka, jua na pua. Kila moja imepita mitihani miwili. Inalingana kuanzia silabi ya mkazo, na picha yake ina jina moja ambalo mtoto wa Tanga, wa Kisumu au wa Bujumbura anayezungumza Kiswahili atalitaja bila kusita. Nilitamani kuweka sahani pamoja na jani, lakini sahani ikichorwa kwa mstari mweusi ni duara tu, na chapati nayo ni duara, na zote mbili zikipita kwenye mashine ya kurudufu hakuna atakayezitambua. Ukiweka wali juu ya sahani, inageuka chakula. Sahani ikatoka. Chapati yenyewe ni afadhali ikunjwe nusu, iwe na madoa machache. Pua ichorwe peke yake, kubwa, bila macho wala mdomo, la sivyo mtoto atasema uso.

Sasa mpangilio. Kushoto, kutoka juu kwenda chini: ng'ombe, shati, nyoka, jua. Kulia: shoka, pua, kuku, kikombe, chapati. Msomaji ataona mambo matatu. Kwanza, hakuna jozi iliyokaa mkabala, kwa sababu mtoto aliyechoka huchora mistari iliyonyooka na kumaliza mapema. Pili, kulia kuna picha tano na kushoto nne. Kuku hana mwenzake. Pande zote mbili zikiwa sawa, mtoto anayejua jozi tatu anapewa ya nne bure, maana imebaki yenyewe, na sisi hatutajua kama aliisikia. Tatu, kuku amewekwa mkabala na nyoka makusudi, na hayuko mbali na ng'ombe katika maisha ya nyumbani. Ni mtego wa maana. Mtoto anayeunganisha ng'ombe na kuku anatuambia kwamba bado anafikiria mifugo; majina hayajaanza kumfikia kama sauti.

Hili la maana dhidi ya sauti ndilo kiini cha zoezi zima, na lina historia yake. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Oksfodi, Linet Bredli na Pita Brayanti, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi waliyoifanya kwa watoto wa Kiingereza. Kipimo chao kilikuwa hiki hiki cha kutafuta neno lisilolingana. Watoto wa miaka minne walisomewa maneno matatu, wa miaka mitano wakasomewa manne, na kila mara wakaulizwa ni lipi lisilofanana kwa sauti na mengine. Watoto walioweza walikuja kuwa wasomaji bora miaka kadhaa baadaye. Watafiti hawakuishia hapo. Walichukua watoto 65 miongoni mwa waliofanya vibaya, wakawagawa makundi. Kundi moja lilifundishwa kupanga picha kwa sauti za majina yake. La pili lilifanya vivyo hivyo, na pia likaonyeshwa sauti hizo kwa herufi za plastiki. La tatu lilipewa picha zilezile, lakini likafundishwa kuzipanga kwa maana, wanyama na wanyama, vyombo na vyombo. La nne halikufundishwa chochote cha ziada. Lililokwenda mbele zaidi katika kusoma na kuandika lilikuwa la pili, la sauti pamoja na herufi.

Utafiti huo ulikuwa wa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni msitu, na sidhani kila kitu kinahamia kwetu. Mtoto wa Kiswahili anayejua ba, be, bi, bo, bu ana ufunguo wa maneno mengi bila kupitia vina. Lakini kundi la tatu linatufaa sana. Linaonyesha kwamba kupanga picha na kupanga sauti ni kazi mbili tofauti hata kama picha ni zilezile, na karatasi isiyozitenganisha haijui inapima nini.

Ndiyo maana sehemu ya chini ya karatasi yetu inahitaji uangalifu zaidi kuliko ya juu. Safu tatu zinatosha, kila safu picha tatu. Nne ni nyingi mwanzoni, kwa sababu mtoto lazima ayashike majina yote kichwani kwa pamoja huku akiyalinganisha.

Safu ya kwanza: jembe, embe, kofia. Hii ni ya kumkaribisha. Vitu vitatu havina uhusiano wowote wa maana, hakuna cha kumvuta pembeni, na embe limo ndani ya jembe lote zima. Kofia inatoka.

Safu ya pili: kiazi, kiti, ngazi. Hapa kuna mvuto wa aina nyingine, na ni mvuto wa Kiswahili hasa. Maneno yetu huanza kwa viambishi vya ngeli, na watoto wanazisikia ngeli hizo tangu wakiwa mgongoni. Kiazi na kiti yana ki moja mwanzoni. Mtoto anayesikiliza mwanzo wa neno atatoa ngazi, na atakuwa na hakika kabisa. Anayesikiliza mwisho atatoa kiti. Karatasi nyingi nilizoziona hukwepa jambo hili kwa kuweka maneno yasiyofanana popote isipokuwa mwishoni, na hivyo hazijui kamwe kama mtoto ameelewa kwamba tunazungumzia mwisho.

Safu ya tatu: sungura, mamba, kamba. Wanyama wawili na kitu kimoja. Maana inasema toa kamba, sauti inasema toa sungura. Hakuna njia ya kati. Safu hii isiwe ya kwanza kamwe, kwa sababu mtoto ambaye hajaelewa mchezo atatoa kamba kwa akili timamu, ataambiwa amekosea, na hataelewa amekosea nini. Ikija ya tatu, baada ya mbili ambazo maana haikusaidia, inakuwa kipimo halali. Kamba ichorwe imeviringishwa vizuri, maana mstari uliopinda tu utaitwa nyoka, na nyoka tayari yuko juu ya ukurasa.

Nafasi ya jibu nayo inabadilika: kofia iko ya tatu, kiti cha pili, sungura wa kwanza. Wako watoto wanaochagua picha ya mwisho daima kwa sababu ndilo jina walilolisikia mwisho. Karatasi yenye majibu yote mahali pamoja humpa mtoto huyo alama zote au humnyima zote, na vyote viwili ni uongo. Kwa safu tatu zenye picha tatu, mtoto anayebahatisha atapata zote kwa wastani mara 1 katika 27. Kwa hiyo akipata tatu kwa tatu, tunaweza kumwamini kiasi. Akipata moja, hatujajua kitu bado.

Kuna safu moja niliyoiacha nje kwa masikitiko: mamba, kamba, simba. Ni nzuri mno kwa masikio ya mtu mzima. Mamba na kamba yanalingana kuanzia mkazo, simba ina i mahali pa a, kwa hiyo simba ndiye wa kutolewa. Maana nayo inavuta upande wa pili, kwamba kamba si mnyama. Lakini yote matatu yanaishia kwa mba, na babu anayejua kughani atasimama kidete kwamba vina vyote vitatu ni sawa, na kwa kanuni yake hakosei. Swali ambalo babu na mwalimu watabishana juu yake halimfai mtoto wa miaka sita. Liwekwe akiba kwa mazungumzo ya mdomo, kwa yule aliyemaliza mapema na anayetafuta ugomvi.

Maelekezo yaliyoandikwa juu ya karatasi yanaweza kuharibu kila kitu tulichojenga. Yasemayo unganisha picha zinazofanana ni mabaya kabisa. Hakuna picha inayofanana na nyingine. Ng'ombe na kikombe hawafanani hata chembe, na mtoto mwangalifu atasema hivyo. Afadhali mwalimu aseme kwa mdomo, kwa kuwa mtoto mwenyewe hajajua kusoma maelekezo: sikiliza jina linavyoisha, tafuta lingine linaloisha hivyohivyo. Kisha atoe mfano mmoja ubaoni kwa maneno ambayo hayamo kwenye karatasi, mathalani moto na mtoto, na ayaseme polepole, akishusha sauti mwanzoni na kuipandisha kwenye oto.

Kabla penseli haijagusa karatasi, picha zote zitajwe kwa sauti, moja moja, darasa zima kwa pamoja au mtoto na mama yake mezani. Hatua hii huchukua dakika chache na watu huiruka. Hapa ndipo mtu anagundua kwamba chapati imeitwa mkate au shati limeitwa fulana, na anasahihisha kwa upole: hapa tumwite shati. Bila hatua hii hatuwezi kuamini mstari wowote utakaochorwa baadaye. Darasa lenye watoto wengi lisilo na karatasi za kutosha linaweza kufanya vilevile kwa picha zilizochorwa kwenye manila na kubandikwa ukutani, mtoto mmoja mmoja akienda kushika jozi yake.

Majina yasiandikwe chini ya picha katika duru ya kwanza. Najua inaonekana kama kumsaidia mtoto. Lakini mtoto mwenye macho mazuri ataona ombe na ombe, ataunganisha umbo na umbo, na sikio lake halitafanya kazi yoyote. Anaweza kumaliza karatasi nzima akiwa amenyamaza kimya. Ukiona hivyo, ya kwamba mtoto anajaza bila midomo kutikisika, mwambie ayataje majina aliyoyaunganisha. Anayesikia atayasema na mara nyingi atacheka. Anayebahatisha atayataja kama orodha ya sokoni.

Tahadhari nyingine inahusu watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza nyumbani, nao ni wengi. Wapo wanaotamka r na l kama sauti moja, na wapo wanaochanganya dh na z. Karatasi isiweke kamwe jibu linalotegemea tofauti hiyo, kama vile kudai gari halilingani na mali. Kwa mtoto huyo yanalingana, na hilo si suala la kusikia vina. Katika jozi zetu nne hakuna hata moja inayomtega hapo, na sikuzichagua kwa bahati. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio naye aachwe siku hiyo.

Makosa yakishapatikana yasomwe, yasihesabiwe tu. Aliyeunganisha ng'ombe na kuku na akatoa kamba katika safu ya tatu ana tatizo moja, si mawili: bado anapanga kwa maana. Huyu anahitaji mchezo usio na picha kabisa, maneno ya kusikia tu akiwa amefumba macho, kwa sababu picha ndizo zinazomvuta. Aliyepata sehemu yote ya juu lakini akatoa ngazi katika safu ya pili anasikia sauti vizuri, ila hajajua tunataka upande upi wa neno. Huyu anasaidiwa kwa kupiga makofi silabi, ki-a-zi, nga-zi, na kuulizwa kofi la mwisho na la kabla yake yamesema nini. Na aliyeunganisha kila picha na ile iliyo mkabala nayo huenda hana tatizo lolote isipokuwa njaa.

Duru ya pili hufanyika siku nyingine, kwa karatasi ileile, na sasa majina yanaandikwa. Mtoto anapaka rangi moja kwenye herufi zinazolingana mwishoni: ati ya shati na ati ya chapati kwa nyekundu, oka na oka kwa kijani, ua na ua kwa njano. Ng'ombe inaachwa mpaka mwisho. Sauti yake ya mwanzo ni rahisi mdomoni, lakini ile alama ya juu baada ya ng huwasumbua hata wa darasa la tatu, kwa hiyo mwalimu aandike ng' mwenyewe na kumwachia mtoto ombe. Kisha afiche nusu ya kikombe kwa kidole, abakize kik, na amwulize mtoto ni herufi zipi zinazokosekana. Mtoto aliyeandika ombe kwa ng'ombe sasa hivi ataziandika tena bila kuambiwa, au atainua macho aangalie alichoandika juu, na vyote viwili vinakubalika.